"Tulishirikishwa": nani anaamua na nani anajulishwa tu katika jedwali la RACI

Jumatatu moja asubuhi, kabla hata chai haijachemka, uwanja wa ofisi ya SACCOS moja ya wafanyakazi ulikuwa umejaa watu walionyanyua simu kama wanaonyesha tiketi mlangoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo kila mwanachama alikuwa amepokea ujumbe mfupi unaomweleza akiba yake imefika kiasi gani, na kwa wengi kiasi hicho kilikuwa pungufu ya walichokijua. Fedha zilikuwapo zote. Kilichotokea ni kwamba data ilihamishiwa kwenye mfumo mpya wa kompyuta kabla makato ya mshahara ya mwezi uliopita hayajaingizwa kwenye leja, na mfumo ukatuma ujumbe kwa wanachama wote, zaidi ya 900, kwa mkupuo mmoja. Lakini mtu akiona makato ya mwezi mzima hayaonekani, habari za leja hana. Anachojua ni kwamba fedha yake imeliwa.

Niliitwa wiki hiyohiyo kusaidia kuweka mambo sawa, na nikauliza swali lililoonekana jepesi: nani aliruhusu mfumo uwashwe Jumapili? Meneja alisema bodi iliridhia. Mwenyekiti wa bodi, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya upole, alisema wao walishirikishwa tu, na kwamba kazi za kila siku ni za meneja. Mhasibu alisema aliambiwa atoe data, akatoa. Kijana wa kampuni iliyouza mfumo alisema alipewa ruhusa kwa simu, ila hakumbuki vizuri ni na nani. Tukafungua muhtasari wa kikao. Uliandikwa hivi: "Wajumbe walishirikishwa kuhusu mfumo mpya na kuafiki. Wahusika walifanyie kazi."

Sentensi hizo mbili zinatosha kueleza kwa nini RACI ilibuniwa.

Tazama neno "walishirikishwa". Katika ofisi zetu neno hilo linabeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja. Anayesema "nilishirikishwa" anaweza kumaanisha kwamba alipewa habari, au aliombwa maoni, au alikuwa mmoja wa walioamua. Jambo likienda vizuri kila mtu huchukua maana ya tatu. Likiharibika, wote hurudi kwenye ile ya kwanza. Na anayelalamika "hatukushirikishwa" naye hasemi alinyimwa kipi: habari, nafasi ya kusema, au kura. Neno "wahusika" lina tabia hiyohiyo. Kila aliyekuwamo chumbani ni mhusika, kwa hiyo agizo la kwamba wahusika walifanyie kazi halimgusi mtu yeyote begani.

RACI ni jedwali. Upande wa kushoto unaorodhesha kazi na maamuzi, juu unaorodhesha nafasi za watu, na kila wanapokutana unaweka herufi moja, au mbili kama mtu ana nafasi mbili, au unaacha wazi. Herufi ni nne, zimechukuliwa kutoka maneno ya Kiingereza responsible, accountable, consulted na informed, na wasimamizi wa miradi duniani kote huzitumia jinsi zilivyo. R ni mtendaji, yule anayeshika kazi kwa mikono yake. A ni mwenye dhamana: neno lake ndilo la mwisho, na jambo likiharibika yeye ndiye anayesimama kulijibia. C ni mshauri, ambaye lazima aulizwe kabla uamuzi haujafanyika. I ni mjulishwa, ambaye anapewa habari na haulizwi.

Hapa Kiswahili kina mtego wa kuangalia. Nimeona majedwali yaliyotafsiriwa ambamo C imeandikwa "anayeshauriwa". Lakini kwetu sisi anayeshauriwa ni yule anayepokea ushauri, kama mgonjwa anavyoshauriwa na daktari. C ni kinyume chake kabisa, ndiye anayeutoa. Kwenye jedwali moja nililowahi kuliona, kosa hilo lilimfanya mwanasheria wa taasisi, aliyewekewa C, akae akisubiri kuelezwa cha kufanya, huku wenzake wakisubiri maoni yake. Ndiyo maana mimi naandika "mshauri" au "mtoa maoni", na sitoki hapo.

R na A nazo huchanganyika, kwa sababu zote mbili huishia kutafsiriwa "mwajibikaji". Hata hivyo Watanzania tunaijua vizuri tofauti yake, ila tunaijua kutoka kwenye siasa. Tukisikia kwamba waziri "amewajibika", tunaelewa kuwa amejiuzulu. Katika miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Hakuna aliyesema kwamba yeye ndiye aliyewatesa. Waliofanya ni wengine, na hao ndio R wa jambo lile. Wizara ilikuwa yake, dhamana ilikuwa yake, na hiyo ndiyo A. Mwaka 1985 akawa Rais, na wapo wazee wanaosema kule kuwajibika kulimjengea heshima. Hiyo ni hadithi nyingine.

I tunayo ofisini tangu zamani. Tazama chini ya barua yoyote ya serikali: "Nakala: Mkuu wa Idara, kwa taarifa." Yule wa nakala hajaombwa kibali, na hatarajiwi kurudisha barua ikiwa na alama za kalamu nyekundu. Tatizo ni kwamba katika mikutano na simu hatuna "nakala" ya mdomo. Mwenyekiti akipigiwa simu kwamba mfumo unawashwa Jumapili, je, ameombwa kibali au ameletewa nakala? Mpigaji alifikiri lake, naye mpokeaji akafikiri lake.

Turudi kwenye SACCOS, tulivyolijenga jedwali lao. Tulitumia mchana wa siku mbili, na sehemu kubwa ya muda huo iliishia kwenye safu ya kushoto, pale pa kazi.

Walianza kwa kuandika "Mfumo", "Fedha", "Mawasiliano". Hayo ni majina ya maeneo, na eneo huwezi kulipa A bila kuzua ugomvi. Ukiuliza nani ana dhamana ya "Mfumo", meneja atasema yeye na bodi itasema yenyewe, na wote watakuwa sahihi, kwa kuwa ndani ya neno hilo kuna mambo kumi. Kanuni ninayoishika ni kwamba kila mstari uanze na kitendo na uishie kwenye kitu kinachoonekana: kuchagua mzabuni, kulinganisha salio, kupakia data, kutuma ujumbe. Kipimo ni rahisi. Je, unaweza kusema siku fulani kwamba jambo hili limekwisha? "Mfumo" haukwishi. "Kulinganisha salio" kunakwisha, na karatasi ya kuthibitisha ipo.

Kipimo cha pili ni kutenganisha uamuzi na kazi. "Kuhamia mfumo mpya" kuna kazi nyingi za mikono, lakini katikati yake umejificha uamuzi mmoja mdogo na mkali: leo tunawasha au hatuwashi? Uamuzi huo haukuwa na mstari wake mahali popote, na kwa hiyo haukuwa na mwenyewe. Ndio uliowaumiza.

Kwenye safu za juu tuliandika nafasi na tukaacha majina ya watu. Sababu yake ni likizo. Meneja akiwa likizo yupo kaimu meneja, na A inamfuata kaimu bila kuandika jedwali upya. Ukiandika jina, siku mwenye jina anaumwa kila kitu kinasimama, au kibaya zaidi, mtu anaamua "kwa niaba" na baadaye inakuwa kesi.

Baada ya mabishano, sehemu ya jedwali iliyohusu kuhama ilisomeka hivi:

| Kazi au uamuzi | Bodi | Meneja | Mhasibu | Afisa mikopo | Kamati ya usimamizi | Mzabuni |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Kuchagua mzabuni | A | R | C | C | I | – |
| Kuridhia vigezo vya kuhamia | A | R | C | C | I | C |
| Kusahihisha salio za mikopo | – | A | C | R | – | – |
| Kulinganisha salio na leja kuu | – | I | A, R | C | I | – |
| Kupakia data kwenye mfumo | – | I | A | I | – | R |
| Kuamua siku ya kuwasha | I | A, R | C | C | I | C |
| Kutuma ujumbe wa salio kwa wanachama | I | A | C | R | I | I |

Mstari wa sita ndio uliotuchukua saa nzima. Nilipoweka I kwenye safu ya bodi, Mwenyekiti alivua miwani.

"Yaani sisi bodi tunaambiwa tu?"

Kwa mtazamo wake swali lilikuwa la haki. Bodi imechaguliwa na wanachama, na wale waliojaa uwanjani ile Jumatatu walikuwa wakiitafuta bodi, hawakuja kumtafuta mhasibu. Meneja, mwanamama ambaye muda wote alikuwa kimya, akasema kwa heshima, "Mwenyekiti, nikikusubiri wewe uitishe kikao cha kuamua siku, mzabuni atatutoza siku za kungoja, na mwisho wake bado mtaniuliza mimi kama salio ziko sawa. Nyinyi hamzijui."

Wote wawili walikuwa na hoja, na wakati kama huo RACI inaonyesha faida yake. Badala ya kugawana A nusu kwa nusu, mnaukata uamuzi. Tuliuliza: bodi inaogopa nini hasa? Inaogopa kuwashwa kwa mfumo wakati hesabu hazijakaa sawa. Basi bodi iseme mapema, kwa maandishi, hesabu zikiwaje ndipo mfumo unaruhusiwa kuwashwa. Ndipo ulipozaliwa mstari wa pili, "kuridhia vigezo vya kuhamia", ambao A yake ni ya bodi bila ubishi. Vigezo viliwekwa vitatu: makato yote ya mwezi yawe yameingizwa, jumla ya akiba za wanachama ilingane na leja kuu bila tofauti hata ya shilingi, na akaunti 30 zilizochaguliwa bila mpangilio zikaguliwe moja moja dhidi ya vitabu. Vikitimia, siku ni ya meneja. Visipotimia, meneja hana ruhusa ya kuwasha, hata mzabuni akikasirika. Mwenyekiti akavaa miwani yake. I yake kwenye mstari wa sita haikumuuma tena, kwa kuwa neno lake lilikuwa limeshatangulia mstari wa pili.

Nimelikuta hilo mara nyingi. Watu wawili wakigombea A moja, mara nyingi ndani ya mstari huo kuna maamuzi mawili yaliyofungwa pamoja: moja la vigezo na moja la kuvitumia. Yatenganishe, na kila mmoja atapata lake. Ila si kila ugomvi hutatuliwa hivyo. Upo ugomvi wa madaraka tu, na huo jedwali haliumalizi. Linauonyesha tu.

Kamati ya usimamizi nayo inahitaji maelezo, kwa kuwa wengi hushangaa kuona haina hata C moja. Katika SACCOS kazi ya kamati hiyo ni kukagua: inapitia vitabu na mwenendo wa bodi na watendaji, kisha inatoa taarifa kwa mkutano mkuu. Wajumbe wake walitaka C kwenye kuchagua mzabuni, na mwanzoni bodi iliona ni heshima nzuri kuwapa. Lakini anayetoa maoni wakati wa kuchagua, kesho atakaguaje uchaguzi uleule? Akiukosoa anajikosoa mwenyewe. Mkaguzi wa ndani, kamati ya usimamizi na yeyote ambaye kazi yake ni kuja nyuma na kuuliza maswali, mahali pake pa kawaida ni I: apate habari zote na nyaraka zote, kwa wakati, na mikono yake ibaki safi. Kwa hiyo I wakati mwingine ni kinga. Wajumbe wale walipoelewa hivyo, waliipenda herufi yao kuliko sisi tulivyotarajia.

A ya bodi ina jambo la kukiri. Kanuni inayofundishwa ni kwamba kila mstari uwe na A moja tu, na A hiyo iwe ya mtu mmoja. Bodi ni watu kadhaa. Je, tumevunja kanuni? Kwa maamuzi ambayo yanapitishwa kwa kikao, kama kuchagua mzabuni, tunakubali chombo kibebe A, kwa sharti kwamba kina akidi, kina kura na kina muhtasari, ili ijulikane siku gani kilisema ndiyo. Kwa kazi yenye tarehe ya kukamilisha, kamwe usimpe A kamati. Kamati haiamki usiku kukumbuka kwamba kesho ndiyo mwisho.

Jedwali likishajaa, lisomwe mara mbili, kwa mlalo na kwa wima. Ukisoma kwa mlalo unatafuta mstari usio na A, ambao ni jambo litakaloamuliwa na mwenye sauti kubwa siku hiyo, na mstari wenye A mbili, ambao ni jambo litakalosubiri milele au litakaloamuliwa mara mbili. Unatafuta pia mstari usio na R, yaani kazi ambayo kila mtu anaikubali na hakuna anayeifanya. Mstari wenye C tano au sita ni ugonjwa wa aina nyingine: hapo watu wamepewa C kwa kuogopwa au kwa adabu, na uamuzi utatembea mwendo wa kinyonga. Mtu akiniambia "tumwekee C asije akajisikia vibaya", namuuliza: akisema jambo lenye maana, mtabadilisha mnachofanya? Kama jibu ni hapana, mpe I na umweleze kwa heshima. Kumwomba mtu maoni ambayo umeshaamua kutoyasikiliza ni dharau kubwa kuliko kutomuuliza.

Kwa wima unamtazama mtu mmoja kutoka juu hadi chini. Kwenye jedwali zima la SACCOS ile, ambalo lilikuwa na mistari zaidi ya 20, safu ya meneja mwanzoni ilikuwa na A karibu kila mahali. Ndiyo hali halisi ya taasisi ndogo, lakini maana yake ni kwamba akipata homa ya siku tatu, ofisi nayo inalala. Tulihamishia A kadhaa kwa mhasibu, ikiwamo ile ya kulinganisha salio, na hapo likaja swali ambalo watu husahau kuuliza: je, ana uwezo wa kukataa? A bila uwezo wa kusema "hapana" ni kumtafutia mtu wa kubeba lawama. Ilibidi bodi iandike kwenye muhtasari kwamba mhasibu asipotia sahihi karatasi ya ulinganisho, data haipakiwi, na meneja hawezi kumpita. Bila sentensi hiyo herufi A kwenye safu yake ingekuwa pambo.

Swali la kuupima mstari wowote ni hilohilo: nani akisema hapana, inakuwa hapana? Uliza kila aliyepo, mmoja mmoja, kabla hawajaliona jedwali. Majibu yakitofautiana, umeupata mkanganyiko wenyewe kabla haujazaa hasara.

Herufi peke yake hata hivyo haisemi lini wala vipi, na hapo ndipo C na I huharibikia. Tuliongeza maelezo mafupi chini ya jedwali. Mshauri anaulizwa kwa maandishi, anapewa siku 2 za kazi, na akikaa kimya mwenye dhamana anaendelea bila kumsubiri. Akitoa maoni yasiyofuatwa, anajibiwa kwa sentensi moja kwa nini hayakufuatwa. Sentensi hiyo moja hupunguza manung'uniko kuliko vikao vitatu, kwa sababu mtu anaweza kuvumilia kutofuatwa, lakini kupuuzwa ni vigumu kukuvumilia. Ni muhimu pia kila mmoja aelewe kwamba C haina turufu. Ukitaka mtu awe na uwezo wa kuzuia jambo, usimpe C na kutumaini ataheshimiwa. Tengeneza mstari wa uamuzi wake na umpe A, kama tulivyomfanyia mhasibu.

Kwa I swali ni kama habari inafika kabla au baada. Wanachama walistahili kujulishwa kabla: ujumbe wa siku tatu mapema kwamba mfumo unabadilishwa, kwamba watapokea salio lao, na kwamba mwenye shaka aje na hati ya mshahara dirisha fulani. Ile Jumapili walijulishwa kwa kushtukizwa na mashine. Bodi tuliiwekea kabla pia, walau saa 24, ili Mwenyekiti akipigiwa simu na mwanachama awe na la kujibu. Kamati ya usimamizi ilitosha baada, pamoja na nakala ya karatasi ya ulinganisho. Mjulishwa anayepata habari mtaani kabla ya ofisini hataamini kamwe kwamba alikuwa I. Ataamini kwamba alifichwa.

Safu ya wanachama hatukuiweka. Ukiweka safu yenye watu 900 kwenye kila mstari utajaza I tupu. Mambo ambayo ni ya wanachama, kama kubadilisha masharti ya chama, yana utaratibu wake: yanakwenda mkutano mkuu, kisha kwa Mrajis kusajiliwa. Huo ni mpaka wa RACI ambao watu huuvuka bila kujua. Jedwali la ofisi haligawi mamlaka ambayo sheria au masharti yameshayagawa. Mkiandika kwamba meneja ana A kwenye jambo ambalo masharti yanasema ni la mkutano mkuu, mmeandika makosa kwa mpangilio mzuri.

Mpaka mwingine ni kwamba jedwali halionyeshi mfuatano. Mstari wa nne lazima uishe kabla ya wa tano, lakini herufi hazisemi hivyo. Ilibidi tarehe ziwe kwenye karatasi nyingine. Wapo wanaoongeza herufi ya tano, S, kwa ajili ya wasaidizi wa mtendaji, na jedwali linaitwa RASCI. Mimi siipendi kwa taasisi ndogo. Watu saba hawahitaji herufi tano, na kila herufi unayoongeza ni mahali papya pa kujificha. Wala usiweke kila kitu. Kununua karatasi za mashine ya kuchapisha hakuhitaji mstari. Weka yale ambayo yamewahi kuleta ubishi, au ambayo yakiharibika kuna mtu atasimama uwanjani na simu mkononi.

Siku ya kuwasha kwa mara ya pili ilipangwa Ijumaa jioni. Saa nane mchana mhasibu alileta karatasi ya ulinganisho bila sahihi. Jumla ya akiba kwenye data iliyoandaliwa kupakiwa ilizidi leja kuu kwa shilingi 412,000. Kwa chama chenye mamilioni hicho ni kiasi kidogo, na kijana wa mzabuni alisema kinaweza kurekebishwa wiki inayofuata huku kazi ikiendelea. Meneja alilitazama jedwali lililobandikwa ukutani, akamwambia mhasibu aendelee kutafuta, na akaahirisha.

Jumamosi asubuhi simu ya meneja iliita. Alikuwa Mwenyekiti.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Nasikia hamkuwasha jana. Kuna nini?"

"Kigezo cha pili hakijatimia. Mhasibu hajatia sahihi, kuna tofauti ya laki nne na elfu kumi na mbili. Mimi siku yangu siwezi kuitumia mpaka vigezo vyenu vitimie."

Upande wa pili palikuwa kimya kidogo, kisha kikasikika kicheko. "Haya. Basi mimi ni I. Nijulishe mkiwa tayari."

Tofauti ilipatikana Jumatatu mchana: makato ya kituo kimoja cha kazi yalikuwa yameingizwa mara mbili. Mhasibu alitia sahihi saa tisa na nusu, Mwenyekiti akatumiwa ujumbe saa kumi, na mfumo ukawashwa Jumanne jioni. Jumatano uwanja wa ofisi ulikuwa na watu wanne. Watatu walikuja kuomba mkopo. Wa nne alikuwa amebadilisha namba ya simu na hakupata ujumbe wowote, akataka kujua kwa nini hakushirikishwa.